Miaka 25 Si Kufuli

Kuna sentensi imeingia Garissa miaka ya karibuni na imekaa kama mgeni asiyetaka kuondoka. Utaisikia kwa baraza la chifu, kwa ofisi ya mwalimu mkuu, kwa redio asubuhi, hata kwa adeer anayekunywa chai yake pole pole hapo Soko Mugdi. Inasema hivi: "Hawa vijana, ubongo wao haujakomaa mpaka wafike miaka 25."

Zamani walisema tu hatuna akili. Sasa wanasema hatuna akili kwa mujibu wa sayansi.

Na angalia inavyotumika. Ukiuliza pesa za basari zimegawanywa vipi, unaambiwa ngoja ukomae. Ukitaka kiti kwa kamati ya maji, ngoja ukomae. Kijana akianguka na pikipiki, wanatikisa kichwa, wanataja ubongo, wanaendelea na chai. Katiba inakuita kijana kuanzia miaka 18 mpaka ufike 35, kwa hivyo ukishapita 25 bado watapata kitu kingine cha kukungojesha.

Nilisoma chuo miaka miwili kisha nikatoka. Sina digrii ya kupeperusha hapa, lakini kusoma sikuacha, na hii stori ya ubongo nimeifuata mpaka ilikotoka. Ninachowaambia wazee wangu ni hiki: sentensi yenu ina ukweli ndani yake, lakini mmechukua nusu inayowapa ruhusa ya kutufungia mlango. Nusu ya pili ni deni, na wenye kudaiwa ni nyinyi.

Tuanze na hiyo namba. Mwaka 1999, Jay Giedd na wenzake, kwa taasisi ya afya ya akili ya serikali ya Marekani, walichapisha picha za ubongo za watoto na vijana 145. Walitumia mashine ya MRI, na wengine waliwapiga picha zaidi ya mara moja, wakiwaangalia wakikua. Waliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, inazidi kunenepa mpaka karibu miaka 11 au 12, halafu inaanza kupungua. Kupungua huko si ugonjwa. Ni kama mkulima wa pale kando ya Tana anavyopunguza miche ya maembe: anang'oa mingine ili inayobaki ipate nguvu. Viunganisho vya seli visivyotumika vinakatwa, na vinavyotumika vinavishwa mafuta ya kuvikinga ili ujumbe upite haraka.

Mwaka 2004 kundi hilo hilo likatoa picha za watoto 13 waliofuatiliwa kwa miaka, kuanzia umri wa miaka 4 hadi 21. Ubongo unakomaa kwa zamu. Sehemu za kuona na za kusogeza mwili zinatangulia, na sehemu ya mbele, ile wanasayansi wanayoiita prifrontali, iko kati ya zile za mwisho kabisa.

Sasa hesabu na mimi. Picha ziliishia miaka 21. Hiyo 25 ilitoka wapi? Haikuonekana kwa picha hizo. Mstari ulikuwa bado unasonga pale picha zilipoisha, na watu wakakadiria, wakachagua namba nzuri ya duara. Wengine waliochunguza seli zenyewe, kwa ubongo wa watu waliokwisha kufariki, walikuta ukataji wa viunganisho ukiendelea hata baada ya miaka 20, kuelekea 30. Hakuna asubuhi utakayoamka ukiwa na miaka 25 usikie kitu kikifunga kwa kichwa, tap, umekomaa. Ni mteremko mrefu, na kila mtu anaushuka kwa mwendo wake. Huwezi kuchukua picha ya kichwa cha mtu mmoja ukasema huyu ameiva, huyu bado.

Kwa hivyo tuiache namba, tuulize swali lenye maana: hiyo sehemu ya mbele inafanya kazi gani, na ikichelewa, nini hasa kinachelewa?

Sehemu ya mbele ndiyo inayoshika breki. Inakumbuka lengo la kesho wakati leo inakuvuta, inapima hasara, inakuambia subiri. Lakini ndani zaidi ya ubongo kuna sehemu nyingine inayopenda tuzo: sifa, raha, pesa, kicheko cha marafiki. Hiyo inatumia kemikali inaitwa dopamini, na balehe ikifika inachangamka mapema, miaka kadhaa kabla breki hazijakaza. Laurence Steinberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walijenga hoja yao hapo: injini imewaka, breki bado zinafungwa.

Ukisimama hapo utasema, basi adeer ana haki. Usisimame hapo.

Steinberg na wenzake walitoka Marekani wakapima watu zaidi ya 5,000, wa miaka 10 hadi 30, kwa nchi 11. Kulikuwa na China, Kolombia, Yordani, Uswidi, na Kenya ilikuwemo. Waliopimwa hapa kwetu walikuwa wa Kisumu. Waliwapa michezo na maswali ya aina mbili. Aina ya kwanza ni kazi za utulivu: kukumbuka tarakimu, kufikiri bila haraka, hakuna mtu wa kukupigia makelele. Aina ya pili ni zile zinazogusa hamu: unaweza kungoja? Unavutiwa na msisimko? Unafikiria kesho?

Matokeo ya jumla ndiyo ambayo hayajafika kwa baraza la chifu. Kwa kazi za utulivu, kijana wa miaka 16 hivi amefika pale mtu mzima alipo. Kwa zile zinazogusa hamu, anaendelea kukomaa baada ya 18, na kujizuia kunazidi kuongezeka mpaka katikati ya miaka ya 20. Kupenda msisimko kunapanda, kunafika kileleni karibu na miaka 19, halafu kunashuka. Si kila nchi ilifuata mchoro huo sawasawa, na Kisumu si Garissa. Lakini huo mgawanyiko wa akili baridi na akili moto ndio kiini cha mambo, na ndio mnauruka.

Manake wenyewe mnaujua. Mtoto wa miaka 14 kule Balambala au Ijara anapewa mbuzi wa familia nzima. Anajua laga gani ina maji, anajua kisima cha nani kina zamu lini, anahesabu kundi likirudi jioni na akikosa mmoja anajua ni yupi. Hiyo ni akili baridi inafanya kazi ya mtu mzima, na mnaiamini kwa mali yenu yote. Miaka mitano baadaye, huyo huyo akiuliza swali kwa mkutano, ghafla ubongo wake haujakomaa. Kwani ulirudi nyuma?

Sasa tuchukue akili moto, tuipeleke barabarani, kwa sababu hapo ndipo tunazikana.

Fikiria kijana wa miaka 17, boda ya mjomba. Saa tano asubuhi anavuka daraja la Tana kwenda Madogo kupeleka dawa za hooyo. Yuko peke yake. Akiona lori la mchanga anapunguza, matuta anapita pole, kwa daraja hapiti mtu. Saa tatu usiku yuko barabara ile ile, pikipiki ile ile, lakini nyuma yake wamekaa marafiki wawili na kando kuna boda nyingine na wenzao. Lori liko mbele na mwanga wa gari lingine unakuja. Ana sekunde mbili za kuamua. Anapita.

Ukimshika kesho yake ukamuuliza kama kupita lori usiku ni hatari, atakuambia ni hatari. Hiki ndicho wengi hawajui: vijana wakiulizwa kukadiria hatari, mara nyingi wanaikadiria kubwa kuliko ilivyo. Hawadhani hawafi. Elimu anayo. Kwa hivyo ile semina ya usalama barabarani, yenye mabango na soda, inamfundisha kitu anachokijua tayari.

Kilichobadilika kati ya asubuhi na usiku ni watu waliokaa nyuma yake.

Hili lilipimwa. Mwaka 2005 Margo Gardner na Steinberg walichapisha utafiti wa watu 306 waliocheza mchezo wa gari kwa kompyuta. Taa inageuka manjano. Ukiendelea unapata pointi zaidi, lakini wakati wowote inaweza kugeuka nyekundu, ukuta unatokea, unagonga, umepoteza. Kulikuwa na makundi matatu: miaka 13 hadi 16, miaka 18 hadi 22, na miaka 24 kwenda juu. Baadhi walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili wa rika lao wakiwatazama. Wakiwa peke yao, makundi hayo hayakuachana sana. Wenzao walipokuwepo, wale wadogo walijihatarisha karibu mara mbili, wale wa kati waliongeza kama nusu, na wale wakubwa hawakubadilika.

Baadaye, mwaka 2011, Jason Chein na wenzake waliwalaza watu ndani ya MRI wakacheza mchezo kama huo. Kijana akijua rafiki anamtazama, zile sehemu za tuzo ndizo ziliwaka zaidi. Kwa watu wazima hazikuwaka hivyo. Yaani rafiki hamfanyi kijana asahau hatari. Anafanya ushindi uonekane mtamu zaidi, na breki ambayo ingetosha akiwa peke yake haitoshi tena.

Ukielewa hapo, unaelewa kwa nini mahubiri yanashindwa. Unapigia kelele breki wakati shida iko kwa mzigo. Punguza mzigo.

Nyuzilandi walifanya hivyo mwaka 1987. Hawakungoja vijana wafike 25, na hawakuwanyima leseni. Waligawanya leseni kwa hatua. Dereva mpya aliruhusiwa kuendesha, lakini kwa muda hakuruhusiwa kuendesha peke yake kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala kubeba marafiki bila mtu mwenye uzoefu ndani ya gari. Akipita muda huo anapewa leseni kamili. Ajali za vijana zilipungua, na nchi nyingi zikaiga. Hakuna mtu aliyetukanwa kwamba hana ubongo. Walichofanya ni kuondoa usiku na marafiki kutoka kwa sekunde zile mbili, mpaka mkono uzoee.

Hapa tuna stegi za boda, zina wenyekiti, zina sheria zao na faini zao. Stegi inaweza kuamua wiki hii kwamba mgeni wa chini ya miaka 20 anabeba abiria mmoja tu, na usiku habebi rika lake. Haihitaji bunge la kaunti, haihitaji mfadhili.

Na kuna jambo lingine dogo zuri. Mwaka 2016 kundi la Steinberg walipima vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 22 wakiwa na wenzao, halafu wakaongeza mtu mmoja tu mkubwa kidogo, wa miaka 25 hadi 30. Mtu mmoja. Ule moto wa rika ulipoa, wakaamua kama wako peke yao. Hawakuhitaji askari wala mzee wa kufoka, walihitaji kaka. Wafugaji wamejua hivyo kwa karne: kundi la ngamia likiondoka kwenda mbali, watoto hawaachwi na watoto wenzao tu, kuna kaka mkubwa anatembea nao. Mjini tumewatoa makaka. Tumewaacha wa miaka 17 na wa miaka 17, halafu jioni tunatuma polisi.

Nimefika kwa nusu ya pili, ile ya deni.

Ubongo unaochelewa kufunga ni ubongo ambao bado uko wazi. Huwezi kupata kimoja ukakataa kingine. Ile kazi ya kukata na kuvisha inaendelea kulingana na kinachotumika, kwa hivyo miaka ya 13 hadi 20 na kitu ni miaka ya kujengwa kwa kufikiri kwenyewe: kupanga hatua, kushika hoja mbili kwa wakati mmoja, kujirekebisha. Na kijana hajifunzi kama mtu mzima aliyepungukiwa. Kwa mambo mengine anamshinda.

Juliet Davidow na wenzake, mwaka 2016, walicheza mchezo wa vipepeo na maua na vijana wa miaka 13 hadi 17 pamoja na watu wazima. Unaonyeshwa kipepeo, unakisia atatua kwa ua gani, unaambiwa umepata au umekosa. Majibu si ya uhakika, kwa hivyo lazima ujifunze kwa kujaribu mara nyingi. Vijana waliwapita watu wazima. Ile ile hamu ya tuzo inayomponza kwa daraja ndiyo iliyomfundisha haraka, na ilikuwa ikifanya kazi pamoja na sehemu ya kumbukumbu.

Mwaka huo huo Stefano Palminteri na wenzake walipima kitu kingine. Waligawanya kujifunza kwa mbili: kujifunza ili upate pointi, na kujifunza ili usipoteze. Vijana wa miaka 12 hadi 17 walikuwa sawa na watu wazima kwa kutafuta tuzo. Kwa kukwepa adhabu walikuwa nyuma. Lilikuwa kundi dogo, na kupoteza pointi si kupigwa, kwa hivyo siwezi kusema limemaliza mjadala. Lakini linaelekeza mahali ambapo kila mwanafunzi wa hapa anapajua kwa ngozi yake.

Kiboko kilikatazwa shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikafunga mlango kabisa. Nenda shule yoyote usiku wa kusoma kisha uniambie kama kimeisha. Mwenye kiboko anasema ubongo wa mtoto haujakomaa ndiyo maana anampiga. Basi angalia alichochagua: amechukua njia ambayo huyo mtoto anajifunza kwayo kidogo kuliko mtu mzima, na akaacha ile anayojifunza kwayo vizuri kabisa. Kijana aliyekosea hesabu anahitaji kuambiwa pale pale amekosea hatua gani, ajaribu tena, na akipata ajulishwe amepata. Jibu la haraka, jaribio jingine. Daftari la hesabu linalokaa wiki tatu bila kusahihishwa linapoteza zaidi ya kiboko kinavyodhani kinaokoa.

Lakini ili daftari lisahihishwe lazima mwalimu awepo. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Tarehe 13 Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa Garissa. Hawakuwa wa kwanza kuuawa kaskazini mashariki. Baada ya hapo TSC iliwahamisha walimu wasio wenyeji, na madarasa mengi ya kaunti zetu yakabaki na mwalimu mmoja mmoja au bila. Sitamlaumu mwalimu aliyeondoka. Mtu hafi kwa sababu ya ratiba ya fizikia, na mama yake alikuwa anamngoja nyumbani. Ninachouliza ni kilichofuata. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 mwaka ule amemaliza miaka yake ya 14, 15, 16 na 17. Hakuna aliyeisimamisha ile kazi ya kukata viunganisho mpaka mwalimu arudi. Ubongo haungoji uhamisho.

Sitii chumvi kusema mlango umefungwa kwake. Mteremko ni mrefu, nimeshasema, na mtu anajifunza hata akiwa na miaka 40. Lakini atakachojifunza baadaye kitamgharimu jasho zaidi, na wakati huo hatakuwa na wakati, atakuwa anatafuta riziki. Wale wanaopenda kutuambia ubongo hufunga 25 walipaswa kuwa wa kwanza kupiga kelele mwaka 2020. Sikuwasikia.

Na sasa kuna mtaala mpya. Januari 2026 darasa la kwanza la Gredi 10 liliingia shule za upili za juu, kila mwanafunzi akiwa na njia yake: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wanachagua wakiwa na miaka 14, 15. Nimesikia watu wakisema ni wadogo mno kuchagua. Kulingana na yale tuliyoona, kuchagua huko ni kazi ya akili baridi, na mtoto wa umri huo anakaribia kuiweza akipewa muda, habari za kweli, na mahali ambapo rika lake halimtazami akiamua. Kinachomshinda si ubongo. Kinachomshinda ni kuchagua sayansi kwa shule ambayo maabara ni stoo ya viti na mwalimu wa kemia alihama. Hapo amechaguliwa tayari.

Najua pingamizi moja litakuja, na ni la haki, kwa sababu hapa Garissa huwezi kuzungumza juu ya vijana na maamuzi bila tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa chuo kikuu. Mmoja wa washambuliaji alikuwa amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtu atauliza: na huyo pia ni ubongo wa mbele?

Hapana. Na mtu yeyote anayetaka kutumia sayansi hii kumtolea udhuru, simo naye. Sekunde mbili za kupita lori ni jambo moja. Mpango wa wiki na miezi, wa kutafuta silaha, kusafiri na kupanga saa, ni akili baridi kabisa, na akili baridi huwa imekomaa mapema. Aliyetajwa na serikali kuwa mpangaji mkuu alikuwa mtu mzima aliyewahi kusimamia madrasa hapa hapa mjini. Sayansi ya ubongo wa kijana inaeleza kwa nini wa miaka 16 anafuata wenzake usiku mmoja. Haielezi chuki ya mtu mzima, na haimpunguzii lawama.

Ila ina funzo moja kwa wanaotulinda. Anayeandikisha vijana hatumii semina. Anatumia marafiki, sifa na kaka mkubwa wa bandia. Anaijua hii injini vizuri kuliko kaunti. Ukimjibu kwa kumsimamisha kila mvulana barabarani na kumdhalilisha mbele ya wenzake, umewasha ile ile akili moto ambayo yule mwingine anaitafuta.

Kwa hivyo, wazee wetu, itumieni sentensi yenu, lakini muimalizie. Kama kweli mnaamini ubongo wetu bado unajengwa, basi kila stegi ya boda iwe na kaka, kila darasa liwe na mwalimu anayesahihisha, na kila kamati iwe na kiti cha kijana pale ambapo mambo yanaamuliwa mchana, kwa makaratasi, kwa utulivu, kwa sababu hapo hatupungukiwi na kitu. Mkishindwa kufanya hayo, acheni kutaja ubongo wetu. Mtakuwa mnaona nyumba inajengwa, mmeficha simiti, halafu mnacheka kwamba haina paa.